Marekebisho ya Sita: Barua Pepe Inayoweka Mpaka wa Kazi

Barua pepe ya kuweka mpaka wa kazi ni ile ambayo mtu aliyejiajiri, awe mbunifu wa michoro, mfasiri, mhariri au mtengeneza tovuti, humwandikia mteja wake pale maombi ya marekebisho yanapovuka yale waliyopatana. Ndani yake huwa mna mambo matatu: makubaliano yalikuwaje, kazi imefika wapi, na kitakachoombwa kuanzia sasa kitagharimu kiasi gani. Haidai fedha za siku zilizopita. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu kwa kawaida barua hii huandikwa na mtu aliyekwisha kuchoka, na mtu aliyechoka hutamani kulipwa kila alichokifanya akiwa kimya.

Ni barua fupi, lakini nyuma yake kuna kazi ya kuhesabu na kupambanua ambayo haionekani. Asiyeifanya kazi hiyo kwanza huishia kuandika malalamiko, na malalamiko hayana bei.

Tuchukue mfano wa lebo ya kahawa. Mfano wenyewe ni wa kutunga, bali mazingira yake ni ya kweli. Songambele ni kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ukanda huu ni wa migomba na kahawa ya robusta, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kahawa hiyo imepita katika vyama vya msingi vya ushirika na kuuzwa bila jina la mkulima wala la kijiji. Kikundi kinapoamua kukaanga, kusaga na kufungasha kahawa yake chenyewe, kinahitaji kitu ambacho hakikuhitajika kahawa ilipouzwa ikiwa na maganda: lebo. Hapo ndipo anapotafutwa kijana mwenye kompyuta.

Mbunifu wa mfano huu anaishi Songambele. Amepatana na kikundi kutengeneza lebo mbili, ya pakiti ya gramu 250 na ya gramu 500, kwa shilingi 300,000, marekebisho ya mara mbili yakiwamo. Mapatano hayo yalianza kwa simu, kisha mbunifu akayaandika katika barua pepe ya mistari sita na mwenyekiti wa kikundi akajibu kwamba ni sawa. Nusu ya fedha ililipwa mwanzoni.

Mara ya kwanza kikundi kiliomba maandishi yakuzwe na kijani kikolezwe. Mara ya pili kikaomba picha ya punje za kahawa ishushwe chini ya jina. Hadi hapo hakuna tatizo. Baadaye katibu akatuma ujumbe wa sauti: kijani hakimpendezi, kiwe kahawia. Mhazini akasema jina liandikwe kwa mwandiko wa mkono. Mjumbe mmoja, ambaye mtoto wake anasoma chuo mjini, akarudisha picha iliyochorwachorwa mishale. Kisha mwenyekiti akapiga simu usiku kuomba anwani ibadilishwe. Mbunifu aliyafanya yote hayo bila neno, na marekebisho yakafika mara sita. Siku ya Jumanne ukaja ujumbe wa saba ukiwa na mambo matatu: kijani cha mwanzo kirudi, namba ya kundi la uzalishaji haionekani kwenye lebo ya gramu 500, na iongezwe lebo ya pakiti ya kilo moja.

Ujumbe huo wa saba unafaa kuchambuliwa polepole, kwa sababu ndani yake kuna vitu vitatu vya aina tatu, na mteja ameviita vyote kwa jina moja: marekebisho madogo.

Cha kwanza kukitenga ni kosa. Kosa ni pale kazi isipolingana na kilichoagizwa. Kikundi kilitoa orodha ya mambo ya kuandikwa kwenye lebo, na nafasi ya namba ya kundi la uzalishaji ilikuwamo. Mbunifu akaiweka kwenye lebo moja na kuisahau kwenye nyingine. Kosa la fundi husahihishwa bure, hata likionekana mara ya kumi, na halihesabiwi katika idadi ya marekebisho. Mbunifu anayetaka kulipwa kwa kusahihisha kosa lake hupoteza uhalali wa kudai kitu kingine chochote. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua, hurudi kwenye orodha ya mteja na kuikagua lebo neno kwa neno, ili asije akakumbushwa kosa jingine na mtu ambaye ametoka kumtajia bei.

Cha pili ni rekebisho. Hapa kilichoagizwa kimefanyika, ila mteja anataka kionekane vingine: rangi, ukubwa wa herufi, mahali pa picha. Rekebisho ni haki ya mteja ndani ya idadi iliyokubaliwa, na likivuka idadi hiyo huwa na bei. Kurudishwa kwa kijani kumo humu. Mteja huona kwamba kurudi nyuma hakupaswi kuwa na gharama, kwa kuwa lebo ya kijani ilikwisha kutengenezwa. Hasemi uongo, bali hajui kwamba tangu hapo jina limebadilishwa mwandiko na anwani imehama, hivyo kijani kinarudi kwenye lebo nyingine kabisa.

Cha tatu ni nyongeza. Lebo ya kilo moja haikuwamo katika mapatano. Wala si kuikuza ile ya gramu 500 kama anayevuta picha kwenye simu, maana pakiti ya kilo ina upana na urefu mwingine, mikunjo yake iko kwingine, na kila kipande cha maandishi hupangwa upya. Nyongeza ni kazi mpya yenye bei yake na muda wake, hata kama inafanana na iliyotangulia. Fundi cherehani yeyote anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Kukata mguu wa suruali kwa kipimo kisichokuwa cha mteja ni kosa lake. Kupunguza kiuno baada ya mteja kujaribu ni rekebisho. Kuombwa kizibao cha kuvaliwa na suruali hiyo ni nguo nyingine.

Kuna mambo yanayokaa katikati, na lebo za vyakula zina mengi ya namna hiyo. Tangu mwaka 2019, usalama wa vyakula nchini umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya jukumu hilo kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Ikitokea kikundi kimeambiwa lebo ina upungufu, swali la gharama hujibiwa kwa kutazama upungufu huo umetoka wapi. Uzito wa pakiti ukiwa umeandikwa kwenye orodha ya mteja na mbunifu akauacha, ni kosa. Ukiwa haukuwamo kwenye orodha, ni rekebisho, isipokuwa kama mbunifu alijinadi kuwa anajua masharti ya lebo na atayasimamia mwenyewe. Msimbo pau nao ni hivyohivyo. Namba zinazotolewa kupitia GS1 Tanzania huanza na 620, na mara nyingi kikundi huzipata wakati lebo imekwisha kupangwa. Kuingiza namba iliyochelewa ni rekebisho la mteja. Mistari ikibanwa hadi mashine ya dukani ishindwe kuisoma, hilo ni la mbunifu.

Baada ya kupambanua, linafuata swali linaloonekana jepesi na si jepesi: mara moja ni nini? Mapatano ya kikundi na mbunifu yalisema marekebisho mara mbili, basi. Hayakusema kama ujumbe wa katibu wa asubuhi na ujumbe wa mhazini wa jioni ni mara moja au mbili. Huu ndio ufa ambamo kazi nyingi za kujitegemea huvuja. Mteja anahesabu siku alizolalamika, mfanyakazi anahesabu mafaili aliyotuma, na kila mmoja ana hakika na hesabu yake.

Wapo wanaojaribu kuziba ufa huo kwa kutoza kila badiliko peke yake, tuseme shilingi 10,000 kwa kila kitu kinachoguswa. Njia hii huzaa ugomvi mpya. Kukuza jina na kusogeza picha iliyo chini yake ili lipate nafasi, ni badiliko moja au mawili? Wengine hutoza kwa saa. Hiyo ni haki kwa hesabu, lakini mteja aliye kijijini hana namna ya kujua saa ngapi zimetumika, na bei isiyo na kikomo humtisha kuliko bei kubwa.

Njia inayofanya kazi vizuri zaidi ni kuifunga maana ya mara moja kwa mambo mawili: maoni yote katika ujumbe mmoja wa maandishi, kutoka kwa msemaji mmoja. Ujumbe huo unaweza kuwa na mambo mawili au kumi na mawili, bado ni mara moja. Mteja hufaidika kwa kuwa halipii kila nukta. Mfanyakazi hufaidika zaidi, kwa sababu anawarudishia wanakikundi mabishano yao. Katibu anayetaka kahawia na mwenyekiti anayetaka kijani watamalizana wenyewe kabla ujumbe haujaondoka Kyerwa. Ukweli ni kwamba nusu ya marekebisho ya lebo hii hayakuwa marekebisho ya lebo. Yalikuwa kikao cha kikundi kilichoendeshwa ndani ya kompyuta ya mtu mwingine.

Kisha bei. Bei ya ziada haifai kubuniwa kwa hasira, wala kuwekwa kubwa makusudi ili mteja akome. Hutolewa kwenye bei ya kazi yenyewe. Mbunifu wa mfano huu alikadiria saa 20 kwa lebo mbili pamoja na marekebisho mawili. Shilingi 300,000 zikigawanywa kwa saa 20 ni shilingi 15,000 kwa saa. Marekebisho manne ya ziada yalimla saa 10, yaani saa mbili na nusu kila mara. Sasa ni saa 30 kwa fedha zilezile, na saa imeshuka hadi shilingi 10,000. Bila mtu yeyote kutamka neno punguzo, mteja amepunguziwa theluthi moja ya bei.

Kwa kipimo hicho, saa mbili na nusu kwa shilingi 15,000 ni shilingi 37,500. Akitaja 40,000 kwa marekebisho ya mara moja, ana namba nyepesi kukumbukwa ambayo akiulizwa anaweza kuieleza ilikotoka. Lebo ya kilo moja anaikadiria saa tano, kwa sababu mwonekano umekwisha kupatikana na kilichobaki ni kupanga, hivyo ni shilingi 75,000. Jumla ya maombi mawili yenye bei ni shilingi 115,000.

Panabaki jambo la kodi, ambalo lisipotajwa huleta manung'uniko siku ya malipo. Kampuni au taasisi inayolipia huduma ya kitaalamu ya mkazi wa Tanzania hutakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Kwa shilingi 115,000, zuio ni shilingi 5,750, na mkononi hufika 109,250. Zuio hilo si hasara kamili, kwani huhesabiwa katika kodi ya mwaka ya aliyekatwa endapo ana cheti cha zuio. Lakini barua isiposema kwamba bei imetajwa kabla ya zuio, mbunifu ataona amepunjwa na mhazini ataona amesingiziwa.

Sasa barua yenyewe. Katika mazingira ya Songambele haitangulii peke yake. Mwenyekiti wa kikundi huenda ni mtu wa umri wa baba yake mbunifu, na kumtumia mzee barua ya fedha bila kumwamkia kwanza huonekana ni kumvizia. Simu hupigwa, shikamoo hutolewa, jambo huelezwa kwa kifupi, na mwenyekiti huambiwa kwamba maelezo yatafuata kwa maandishi ili awaoneshe wenzake. Sababu hiyo ya mwisho si ya kupamba. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuongeza matumizi peke yake, na barua inayoweza kusomwa kikaoni humrahisishia kazi.

Mada: Lebo za kahawa – kazi iliyobaki na gharama ya kazi ya ziada

Ndugu Mwenyekiti,

Habari za kazi. Kama tulivyozungumza kwa simu leo asubuhi, ninaandika ili tuwe na maelezo yanayofanana kabla kazi haijaendelea.

Tarehe 3 Machi tulikubaliana lebo ya gramu 250 na lebo ya gramu 500 kwa shilingi 300,000, pamoja na marekebisho ya mara mbili. Hadi leo nimefanya marekebisho mara sita. Yale manne ya ziada sitayadai.

Katika ujumbe wenu wa Jumanne kuna mambo matatu. Namba ya kundi la uzalishaji kukosekana kwenye lebo ya gramu 500 ni kosa langu. Nitalisahihisha bila malipo, na mtapata lebo hiyo kesho. Kurudisha rangi ya kijani kwenye lebo zote mbili ni marekebisho ya ziada, ambayo ni shilingi 40,000. Lebo ya kilo moja ni kazi mpya, ambayo ni shilingi 75,000, pamoja na marekebisho ya mara moja.

Kuanzia sasa, marekebisho ya mara moja yatakuwa na maana ya maoni yenu yote katika ujumbe mmoja wa maandishi kutoka kwa mtu mmoja mtakayemteua. Kila mara itakayozidi itakuwa shilingi 40,000, nami nitawajulisha kabla sijaanza. Bei zote ni kabla ya kodi ya zuio.

Naomba mnijibu kwa barua pepe mkichagua mojawapo: kwanza, niendelee na kijani na kilo moja kwa shilingi 115,000, pili, nifanye kilo moja pekee kwa shilingi 75,000, tatu, tuishie hapa na niwakabidhi lebo mbili zilizopo baada ya kusahihisha kosa langu. Mkinijibu kabla ya Ijumaa jioni, kazi mtakayochagua itakamilika Jumatano inayofuata. Ukiacha sahihisho la kosa langu, nitasubiri jibu lenu kabla ya kugusa kitu kingine.

Wenu katika kazi.

Barua hii haina neno samahani mahali popote. Hata pale mwandishi anapokiri kosa hakulitumia neno hilo, bali ametaja siku ya kulisahihisha kosa lenyewe. Wanaoanza kazi hii hujaza aya ya kwanza kwa kuomba radhi kwa sababu ya kutaja fedha, na msomaji akimaliza aya hiyo amekwisha kuamini kwamba bei inayofuata inaweza kuzungumzwa. Vilevile haina historia ya nani alisema nini usiku gani. Katibu na mhazini hawakutajwa, kwa kuwa barua itasomwa mbele yao, na anayetajwa kikaoni hulazimika kujitetea badala ya kuamua.

Sentensi yenye uzito kuliko zote ni ile ya marekebisho manne kutodaiwa. Yumkini mtu akauliza kwa nini saa 10 ziachwe hivihivi. Sehemu ya jibu ni ya kisheria. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo chimbuko lake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, hutaka mkataba uwe na ridhaa ya pande zote mbili, na mabadiliko yake hayafanywi na upande mmoja. Ni kweli sheria hiyo inamtambua anayemfanyia mwenzake jambo halali bila kukusudia kulifanya bure, na kumtaka aliyenufaika amfidie. Lakini aliyerekebisha mara nne bila kutaja bei atapata shida kuonesha kwamba hakukusudia kuyafanya bure, maana ukimya wake ulisema vingine. Kuyaachilia kwa maandishi kunageuza udhaifu huo kuwa hatua. Idadi inabaki kwenye kumbukumbu, na desturi ya bure inapata tarehe ya mwisho.

Sehemu nyingine ya jibu ni nusu ya fedha ambayo bado haijalipwa. Mbunifu anadai shilingi 150,000 zisizo na mzozo wowote. Akizichanganya na madai ya saa 10 zenye mzozo, mteja atapata sababu ya kuzishikilia zote hadi wakubaliane. Kwa hiyo barua ya mpaka haichanganywi na ankara. Ankara ya salio huenda peke yake, siku ya makabidhiano, kwa kiasi kilekile cha tarehe 3 Machi.

Kwa nini barua pepe, wakati kila mtu yuko WhatsApp? Kwa sheria, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliyapa maandishi ya kielektroniki nguvu ya kutambulika na kupokelewa kama ushahidi, na haikuchagua barua pepe ikaziacha njia nyingine. Makubaliano ya mdomo nayo, kwa sehemu kubwa, ni mkataba halali. Tofauti iko kwenye matumizi. Ujumbe wa sauti wa dakika nne hausomwi kikaoni wala hautafutiki baada ya miezi miwili, na simu ikipotea huenda nayo. Barua pepe ina mada, ina tarehe, na inakaa mahali pamoja na jibu lake. Mteja asiyefungua barua pepe kwa wiki nzima, na wapo wengi, hutumiwa maelezo yaleyale kama faili la PDF kwenye WhatsApp, na jibu lake la maandishi hapohapo linatosha.

Jibu lenyewe ni la lazima, na hapa pana mtego mwingine. Baadhi ya barua hufungwa kwa kusema kwamba usipojibu ndani ya siku tano tutahesabu umekubali. Kauli hiyo ina sura ya nguvu, ila ikiwekwa katikati ya kazi na upande mmoja ni dhaifu, kwa sababu kunyamaza peke yake hakuhesabiwi kuwa kukubali pendekezo jipya. Ingekuwa na nguvu kama ingewekwa tangu mwanzo na mteja akairidhia. Ndiyo maana barua ya mfano haisemi kimya kitakuwa kukubali. Inasema kimya kitasimamisha kazi, jambo ambalo liko ndani ya uwezo wa mwandishi. Kwa upande mwingine, mteja asiyejibu kwa neno lakini akatuma shilingi 75,000 kwa simu, amekubali kwa kitendo, na mbunifu humwandikia mara moja kwamba fedha zimepokelewa kwa ajili ya lebo ya kilo moja.

Majibu hayaji kwa namna nyingi. Wapo wanaochagua moja ya njia tatu, na hao ni wengi kuliko hofu ya mwandishi ilivyomwambia. Wapo wanaoomba kupunguziwa. Kupunguza kunawezekana, lakini kinachopunguzwa kwanza ni kazi, halafu bei: kijani kirudi kwenye lebo ya gramu 250 pekee kwa shilingi 20,000, kwa mfano. Anayeshusha bei huku kazi ikibaki ileile amekiri kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha. Wapo pia wanaojibu kwamba ni jambo dogo tu la dakika tano. Jibu la kiungwana kwa hilo ni kueleza hatua zake: kubadili rangi kwenye lebo mbili, kukagua kama maandishi bado yanasomeka juu ya rangi mpya, kutengeneza upya mafaili ya kuchapishia, kuyahakiki, kuyatuma. Mtu akizisikia hatua hizo kwa mpangilio wake huacha kutaja dakika.

Jibu gumu ni la mteja anayekasirika na kusema hatalipa hata salio. Mbunifu hapo hana haja ya kurudi kwenye mjadala wa marekebisho. Husahihisha kosa lake kama alivyoahidi, hutuma lebo mbili zikiwa na alama nyepesi ya maandishi iliyopita juu yake, ili zionekane zimekamilika lakini zisiweze kuchapishwa, na kuambatisha ankara ya shilingi 150,000. Mafaili safi hutoka baada ya malipo. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii, ingawa kwa kiasi hicho siku zitakazopotea huweza kuzidi kinachodaiwa, na faili safi lililobaki kwenye kompyuta huwa na ushawishi zaidi kuliko wito wa mahakama.

Kuna saa ambayo barua ya mpaka inakuwa imechelewa, nayo ni baada ya lebo kufika kwa mchapaji. Pakiti zinazochapishwa kwa wingi huandaliwa sahani za kuchapishia, na sahani zikishakatwa, kubadili hata nukta moja ni kukata nyingine. Gharama hiyo ni ya mchapaji na huenda ikazidi bei yote ya ubunifu. Kwa sababu hiyo, mbunifu hatumi kitu kwa mchapaji kabla msemaji wa kikundi hajaandika kwamba ameisoma lebo yote na kuiridhia: jina, uzito, anwani, tarehe, msimbo pau. Maneno ya ridhaa hiyo huwekwa mwishoni mwa barua ya makabidhiano, pamoja na sentensi moja kwamba badiliko lolote baada ya hapo, pamoja na gharama za mchapaji, litakuwa juu ya aliyeliomba. Kosa la mbunifu lililokuwa wazi kwenye lebo aliyoiridhia mteja ni suala ambalo wawili hao hulimaliza kwa kugawana, na wenye busara huandika mgawanyo huo katika mapatano ya kwanza, siku ambayo bado hakuna aliyekosea.